Kuomba takwimu NBS ukiwa Mtwara au Lindi: barua iandikweje mpaka upewe ulichotaka

Huku kwetu mtu akihitaji namba ya watu wa kijiji anaenda kwa mtendaji, mtendaji anafungua daftari, anasoma, we unaandika, mmemaliza. Kwa shughuli ya pale pale kijijini hamna shida. Shida inakuja ukishaandika andiko la mradi, mfadhili akauliza hizi kaya 500 mmezitoa wapi na ni za mwaka gani, hapo daftari la mtendaji halikuokoi. Ndo inabidi uende Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, na kule hawasomi daftari, wanataka barua inayoeleweka.

Ntaeleza kwa mfano mmoja toka mwanzo mpaka mwisho ili tusipotee. Tuseme kuna kikundi kata ya Mnyambe, Newala Vijijini, kinataka kuomba hela za matanki ya kuvunia maji ya mvua. Wanaoijua Newala wanajua kule juu kwenye uwanda wa Makonde maji ya ardhini yako chini sana, kuchimba kisima sio kazi ya kikundi, kwahiyo bati na tanki ndo mpango. Kikundi kinataka kujua kila kijiji kina kaya ngapi, na kwenye kata nzima kaya ngapi zinategemea maji ya mvua na ngapi bomba au wauza maji.

Kabla ya barua, angalia kilichokwisha kuchapishwa

Ingia www.nbs.go.tz utafute ripoti za Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Kuna ripoti ya mgawanyo wa watu kwa maeneo ya utawala, ina jedwali la kila halmashauri mpaka ngazi ya kata: jumla ya watu, wanaume, wanawake, idadi ya kaya na wastani wa watu kwa kaya. Hii ni bure, unapakua tu. Kikundi chetu kikiifungua kitakuta kaya za Mnyambe nzima zipo tayari, kwahiyo hiyo sehemu inatoka kwenye ombi. Kuomba kwa barua kitu ambacho kipo kwenye tovuti ndo njia ya uhakika ya kujibiwa "tafadhali tembelea tovuti yetu", na hapo umeshapoteza muda wa kusubiri.

Alafu jua unaomba nini na nani anacho. Sensa imehesabu kila mtu, kwahiyo inaweza kushuka mpaka chini. Tafiti za sampuli haziwezi. Mfano Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 ulichukua kaya 9,552 Tanzania Bara yote, uliundwa kutoa picha mpaka ngazi ya mkoa, sasa mtu akiandika barua anataka umaskini wa kata ya Mnyambe kutoka kwenye utafiti huo anaomba kitu ambacho hakipo, labda kata yenyewe haina hata kaya moja iliyoulizwa. Na kama unachotaka ni kilo za korosho zilizouzwa mnadani, hiyo nenda Bodi ya Korosho, makao makuu yao yapo Mtwara mjini, usiwasumbue watu wa sensa.

Kuna kitu kingine cha kuangalia mapema, hasa kama unataka kulinganisha 2012 na 2022. Mipaka imehama. Sensa ya 2012 Newala ilikuwa halmashauri moja, sensa ya 2022 unakuta Newala Mji na Newala Vijijini kila mmoja na jedwali lake. Ndo hivo hivo Nanyamba iliyokatwa kutoka Mtwara Vijijini. Sasa mtu akichukua "Newala" ya 2012 akaiweka ubavuni mwa "Newala Vijijini" ya 2022 anapata picha kama watu wamehama kwa wingi, kumbe wapo pale pale, wamebadilishiwa halmashauri tu. Kata nazo zinagawanywa hivo hivo na jina la zamani linabaki na kipande kimoja. Kwahiyo kama unalinganisha miaka, sema kwenye ombi kwamba unataka namba za 2012 zilizopangwa kwa mipaka ya 2022, na kama haiwezekani upewe orodha ya vijiji vya kila kata kwa sensa zote mbili ujumlishe mwenyewe. Kwa mkoa mzima huna haja ya hayo yote, Mtwara ilikuwa na watu 1,270,854 mwaka 2012 na 1,634,947 mwaka 2022, unaweka tu.

Geuza swali liwe jedwali

Hapa ndo barua nyingi zinafia. Mtu anaandika "naomba data za maji Newala". Afisa wa takwimu akisoma hiyo hajui atoe nini, maana yeye hana kitu kinaitwa data za maji, ana majibu ya maswali ya dodoso, na kila jibu limefungwa kwenye kaya ya mahali fulani. Ukitaka akuelewe chukua karatasi chora jedwali tupu, mistari ni nini, safu ni nini, ila namba huna. Kikundi chetu kitachora mawili. La kwanza kila mstari ni kijiji kimoja, safu ni wanaume, wanawake, jumla ya watu, idadi ya kaya. La pili kila mstari ni chanzo kikuu cha maji ya kunywa, safu ni idadi ya kaya za kata ya Mnyambe. Basi.

Kwa nini maji tumeyaacha ngazi ya kata na sio kijiji? Kwasababu ukishuka sana unapata visanduku vya jedwali vyenye kaya mbili tatu, na NBS kwa Sheria ya Takwimu hawaruhusiwi kutoa taarifa inayoweza kumtambulisha mtu au kaya. Kijiji kidogo, kaya moja tu yenye kisima chake, kila mtu pale anajua ni kwa nani. Ukiomba kiasi kinachotosha kazi yako unapata haraka, ukiomba mpaka kitongoji kila kitu utarudishiwa maswali au jedwali lenye matundu.

Na ujue ulichochora kina mipaka yake. Dodoso linauliza chanzo *kikuu*, kimoja. Kaya inayokinga mvua kuanzia Desemba mpaka Aprili alafu kiangazi inanunua maji ya gari inabidi itaje kimoja, na sensa ya 2022 ilifanyika Agosti, kiangazi hasa. Mimi ningekuwa nasoma hilo jedwali ningedhani kaya zinazotumia maji ya mvua kwa sehemu ya mwaka ni nyingi kuliko zinazoonekana. Hilo liandike kwenye andiko lako chini ya jedwali, usingoje mfadhili aligundue.

Neno kaya nalo lishike vizuri. Kaya ni wanaoishi pamoja na kula pamoja, sio nyumba wala ukoo. Nyumba moja yenye wapangaji watatu kila mtu na jiko lake ni kaya tatu, chini ya bati moja. We unaomba tanki kwa bati au kwa kaya? Amua kabla hujaandika barua, maana kama ni kwa bati inabidi uulizie takwimu za majengo, zilikusanywa nazo kwenye sensa ya 2022.

Dhumuni

Usiandike "kwa ajili ya utafiti". Sio kwamba watakunyima, ila haliwaambii kitu. Dhumuni zuri lina vitu vitatu vilivyokaa kwenye sentensi mbili tu: nani anatumia, atatengeneza nini, na kitaenda kwa nani. "Kikundi chetu kinaandaa andiko la mradi wa matanki ya maji ya mvua litakalowasilishwa halmashauri na kwa wafadhili. Idadi ya kaya kwa kijiji itatumika kukadiria idadi ya matanki na gharama." Afisa akisoma hivo anaweza hata kukushauri, kwamba jamani kwa kazi hii nyie mnahitaji maoteo ya mwaka huu sio idadi ya 2022. Maana NBS wanatoa pia maoteo ya idadi ya watu kwa miaka inayofuata sensa, na mtu anayepanga kitu cha kesho mara nyingi anayataka hayo. Useme kabisa unataka iliyohesabiwa au maoteo, vikichanganywa kwenye jedwali moja ni vurugu.

Mwanafunzi wa chuo ambatanisha barua ya utambulisho ya chuo, kikundi ambatanisheni nakala ya cheti cha usajili. Na kama unachotaka sio jedwali bali faili la majibu ya kaya moja moja lililoondolewa majina, hiyo njia yake ni nyingine, unajisajili kwenye hifadhi ya data ya NBS mtandaoni, unaeleza dhumuni, unakubali masharti ya kutojaribu kumtambua mtu na kutompa mwingine faili. Kikundi cha matanki hakihitaji huko. Mafaili yale yanakuja kwa `.dta` au `.sav`, na kama hujui programu za Stata wala SPSS utabaki unayaangalia.

Fomati, sema mpaka senti ya mwisho

Usipotaja fomati utaletewa PDF, na ukiletewa PDF ya kurasa zilizoskaniwa utakaa unachapa namba moja moja usiku kucha, na katika kuchapa 68 inageuka 86. Andika unataka `.xlsx` au `.csv`, kichwa cha safu mstari mmoja, kijiji kimoja mstari mmoja, bila visanduku vilivyounganishwa, na kodi za maeneo ziwepo, yaani zile namba za kutambulisha kila eneo. Kodi ni muhimu kuliko watu wanavodhani, jina la kijiji linaandikwa kwa tahajia tofauti kila karatasi ila kodi haibadiliki ndani ya sensa ile. Unaweza ukaweka na mfano kwenye barua, namba hizi nimezibuni tu:

```
mkoa_kodi,halmashauri,kata,kijiji,me,ke,watu,kaya
09,Newala Vijijini,Mnyambe,Kijiji A,980,1120,2100,500
09,Newala Vijijini,Mnyambe,Kijiji B,1160,1340,2500,500
```

Angalieni hiyo 09. Mtwara ni 09, Lindi ni 08. Ukilifungua faili la `.csv` kwa kubonyeza mara mbili Ekseli inakula sifuri, inabaki 9, na ukija kuunganisha na faili lingine lenye 09 hakuna kinachokutana, unaambiwa hamna data kumbe ipo. Fungua Ekseli tupu kwanza, nenda `Data`, chagua `From Text/CSV`, bonyeza `Transform Data`, alafu safu ya kodi igeuze iwe `Text`, ikikuuliza chagua `Replace current`, umalize na `Close & Load`.

Omba pia waeleze alama. Kisanduku kitupu, kistari na 0 vinaweza kuwa vitu vitatu tofauti: hakuna aliyejibu, imefichwa kwa usiri, au kweli hakuna hata kaya moja. Bila maelezo utajumlisha kama sifuri zote.

Chanzo utakitajaje, ahidi humo humo kwenye barua

Watu wanaacha hili mpaka mwisho. Liweke kwenye barua, tena andika maneno yenyewe utakayotumia, wao wakitaka yabadilike watakwambia mapema kabla hujachapisha nakala 50.

Chanzo kilichokaa sawa kinataja mwenye takwimu, zoezi na mwaka wake, umepataje, na we umefanya nini juu yake. Hicho cha mwisho ndo kinasahaulika. Kaya 500 ni namba ya NBS, ila "asilimia 28 ya kaya" uliyoipiga mwenyewe kwenye kikokotoo ni yako, na "matanki 120 yanatosha" ni yako zaidi. Ukiziweka zote chini ya "Chanzo: NBS" umewabebesha maneno ambayo hawajasema. Sensa ya 2022 ilifanywa na NBS pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, ripoti za pamoja zinataja wote, kwahiyo nakili kama ilivyo kwenye ukurasa wa mwanzo wa ripoti unayoitumia. Na mstari wa chanzo unakaa chini ya jedwali lenyewe, sio ukurasa wa mwisho, maana jedwali likipigwa picha likarushwa kwenye magrupu ukurasa wa mwisho hauendi nalo.

Barua yenyewe

> Mtakwimu Mkuu wa Serikali,
> Ofisi ya Taifa ya Takwimu,
> DODOMA.
>
> Kupitia: Meneja wa Takwimu Mkoa, MTWARA.
>
> YAH: KUOMBA MAJEDWALI YA KAYA KATA YA MNYAMBE, HALMASHAURI YA WILAYA YA NEWALA, SENSA YA 2022
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Sisi ni kikundi kilichosajiliwa katika Halmashauri ya Wilaya ya Newala. Tunaandaa andiko la mradi wa matanki ya kuvunia maji ya mvua litakalowasilishwa kwa halmashauri na wafadhili. Tunaomba takwimu zifuatazo za Sensa ya Watu na Makazi ya 2022: (a) idadi ya watu kwa jinsi na idadi ya kaya kwa kila kijiji cha kata ya Mnyambe, (b) idadi ya kaya za kata nzima kwa chanzo kikuu cha maji ya kunywa. Takwimu za kata zilizochapishwa tumeziona, hazina mgawanyo huu.
>
> Tunaomba zije katika faili la Ekseli (.xlsx) au .csv, kijiji kimoja kwa mstari, zikiwa na kodi za maeneo na maelezo ya alama zilizotumika. Kama jedwali (a) haliwezekani kwa sababu za usiri, tunaomba ngazi ya karibu inayoruhusiwa. Kama kuna gharama, tunaomba tujulishwe kabla ya kazi kuanza.
>
> Chini ya kila jedwali tutaandika: "Chanzo: Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, jedwali maalumu lililotolewa kwa kikundi (mwezi, mwaka). Asilimia na makadirio ya matanki ni ya kikundi." Hatutatumia takwimu hizi kutafuta taarifa za kaya au mtu mmoja mmoja.
>
> Viambatisho: majedwali matupu mawili, nakala ya cheti cha usajili.

Jina, cheo, saini, simu, muhuri kama mnao. Ile sentensi ya "ngazi ya karibu inayoruhusiwa" msiifute, bila hiyo kikwazo kidogo kinageuka kuwa hapana ya ombi zima na mnaanza upya.

Peleka ofisi ya takwimu ya mkoa kwanza, walio Lindi Lindi, walio Mtwara Mtwara. NBS wana ofisi kila mkoa na yule bwana au mama wa mkoani mara nyingi anakwambia papo hapo kipi kipo na kipi kitaenda Dodoma. Toa nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, nyingine itume kwa imeili na yale majedwali matupu yakiwa faili la Ekseli, wakipenda wayajaze humo humo. Kufuatilia piga simu ukitaja tarehe ya muhuri na kichwa cha YAH, usiseme "ile barua yetu ya juzi shehe, bado tu?"

Faili likifika

Usikimbilie kuandika. Jumlisha vijiji vyote uone kama inakutana na jumla ya kata kwenye ripoti iliyochapishwa. Isipokutana usirekebishe mwenyewe, uliza.

Alafu gawa watu kwa kaya kila kijiji. Rudi kwenye mfano wangu wa kubuni: Kijiji A 2100 kwa 500 ni 4.2, Kijiji B 2500 kwa 500 ni 5.0. Mbona B wamejaa hivo? Kabla hujasema wana familia kubwa uliza kama kuna bweni la taasisi. Sensa inamhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, na watu 400 waliolala bwenini wanaingia kwenye watu wa kijiji japo hawaishi kwenye kaya binafsi yoyote. Watoe hao 400, unabaki na 2100 kwa 500, ile ile 4.2. Ungekuwa umekadiria lita za maji kwa watu 5 kila kaya ungepandisha ukubwa wa tanki la kila nyumba bila sababu, na bweni lenyewe linalohitaji tanki kubwa kuliko wote ukalikosa.

Jedwali la maji nalo linaweza kuwa na jumla ndogo kuliko kaya za jedwali la kwanza kama limetengenezwa kwa kaya binafsi pekee. Waulize "jumla hii ni ya kaya zipi", wakikujibu andika jibu hilo hilo kama maelezo chini ya jedwali, juu ya mstari wa chanzo. Na faili la asili walilokutumia lihifadhi bila kuligusa, fanya hesabu kwenye nakala, ili mtu wa halmashauri akitaka kuona namba kabla hujazipiga unamtumia lile lile lilivyotoka NBS.